Ofseti au bayasi: 741, LM358, TL072 na OP07 kwenye amplifaya ya kugeuza

Mita ilikuwa inasoma ampea 4 na taa zote zimezimwa. Nilikuwa nimeijenga kupima mkondo unaotoka kwenye betri za sola: shanti ya ampea 50 inayotoa milivolti 75, amplifaya ya kugeuza yenye chipu ya 741 inayolishwa ±12 V kutoka umeme wake wa pembeni, na bodi ya Arduino inayosoma 0 hadi 5 V. Nikachomoa waya wa mzigo kwenye betri. Bado 4. Nikachomoa na waya wa shanti, nikaunga ingizo la amplifaya moja kwa moja kwenye graundi. Bado 4. Hapo hakuna betri wala taa ya kulaumu, zile ampea zilikuwa zinatengenezwa na amplifaya yenyewe.

Rizista nilizotumia zilikuwa R1 ya 100 kΩ na Rf ya 4.7 MΩ, yaani ukuzaji wa −47. Nilichagua kubwa makusudi, kwa kuamini kwamba rizista kubwa haitanyonya kitu kwenye shanti. Kwenye tokeo multimita ilisoma +289 mV. Shanti hii hutoa 1.5 mV kwa kila ampea, na ikikuzwa mara 47 inakuwa 70.5 mV. Gawanya 289 kwa 70.5 utapata 4.1. Ndizo ampea zangu.

Nikabadilisha rizista tu, chipu ikabaki ileile: R1 ya 1 kΩ na Rf ya 47 kΩ. Ukuzaji haukubadilika, lakini tokeo likawa −54 mV. Kosa halikupungua tu, liligeuka upande. Hiyo ndiyo dalili kwamba wanaovuruga sifuri ni wawili, na kila mmoja ana njia yake.

Wanavyoingia kwenye tokeo

Wa kwanza ni volteji ya ofseti. Ndani ya opampu, maingizo mawili yanashika transista mbili zilizokusudiwa kulingana, na hazilingani kamwe. Tofauti yao ni sawa na kuchomeka kibetri kidogo kwenye ingizo la chanya. Kwa kuwa kimekaa upande wa chanya, hakikuzwi kwa Rf/R1 kama ishara yako, kinakuzwa kwa 1 + Rf/R1. Kwenye ukuzaji wa 47 tofauti ni ndogo, 48 badala ya 47. Kwenye ukuzaji wa −1 ofseti inatoka mara mbili, na hapo wengi hukosea hesabu.

Wa pili ni mkondo wa bayasi, yaani mkondo mdogo ambao transista za ingizo zinahitaji ili zifanye kazi. Fuata njia yake kwa makini kwenye mzunguko huu. Ingizo la chanya limeungwa kwenye graundi, kwa hiyo mkondo wake unatoka graundi bila kupita kwenye rizista yoyote na hauharibu kitu. Ingizo la hasi ni habari nyingine. Opampu inalishikilia karibu na volti sifuri, na mwisho wa pili wa R1 nao uko sifuri kwa sababu tumeuunga graundi. Rizista yenye sifuri huku na sifuri kule haipitishi mkondo. Basi mkondo wote wa bayasi unalazimika kupitia Rf, na opampu inapandisha tokeo lake mpaka Rf iweze kuuleta. Kosa hilo ni Ib × Rf tu, R1 haimo kabisa.

```
Vkosa = Vos × (1 + Rf/R1) + Ib × Rf
```

Ofseti ina alama ya chanya au hasi kwa bahati ya chipu uliyoshika. Bayasi ina upande wake maalumu: kwenye 741, ambayo ingizo lake ni transista za NPN, mkondo unaingia kwenye chipu na tokeo linapanda. Kwenye LM358 ingizo ni PNP, mkondo unatoka kwenye chipu na tokeo linashuka.

Vipimo vyangu viwili vinatosha kuwatenganisha. Sehemu ya ofseti ni ileile kwenye mizunguko yote miwili, kwa hiyo ukitoa kimoja kwenye kingine inafutika: 289 − (−54) ni 343 mV, na hiyo imesababishwa na tofauti ya Rf, yaani 4.7 MΩ kutoa 47 kΩ. Jibu ni Ib ya takriban 74 nA. Kwenye Rf ya 47 kΩ mkondo huo unaleta 3.5 mV tu, kwa hiyo ofseti pekee ilikuwa inatoa −57.5 mV, na ukigawanya kwa 48 unapata Vos ya −1.2 mV. Zote mbili ni namba za kawaida kabisa kwa 741. Chipu yangu ilikuwa nzima.

Kuna mtego hapa. Kama ningeanza na 15 kΩ na 680 kΩ, ofseti ingeshusha tokeo kama 56 mV na bayasi ingelipandisha 50 mV. Ningepima milivolti 6 hivi, ningefurahi, na ningebadilisha chipu mwaka unaofuata nikashangaa kosa limetoka wapi. Sifuri nzuri iliyopimwa kwenye chipu moja haithibitishi kwamba mzunguko ni mzuri.

Kizingiti cha kila chipu

Kabla ya kulinganisha chipu, jiulize kwanza ni yupi kati ya wawili hao anatawala kwenye mzunguko wako. Chukua fomula ya juu, gawanya kila upande kwa 1 + Rf/R1, na bayasi inabaki imezidishwa na R1 sambamba na Rf. Ukuzaji ukiwa mkubwa, usambamba huo unakaribia R1 yenyewe. Basi ofseti na bayasi zinalingana nguvu pale ambapo usambamba huo ni sawa na Vos ukigawanya kwa Ib. Chini ya hapo anayetawala ni ofseti, na juu ya hapo ni bayasi.

Kwa namba za kawaida za karatasi za data katika nyuzi 25, 741 ya daraja la C ina 2 mV na 80 nA, kwa hiyo kizingiti chake ni 25 kΩ. LM358 ina 2 mV na 45 nA, kizingiti 44 kΩ. OP07C ina mikrovolti 60 na 1.8 nA, kizingiti 33 kΩ. TL072, ambayo ingizo lake ni JFET, ina 3 mV na pikoampea 65 tu, kwa hiyo kizingiti chake kiko karibu 46 MΩ. Hutaunda amplifaya ya shanti yenye rizista kama hizo, ambayo ni kusema kwamba kwenye TL072 bayasi unaweza kuisahau katika nyuzi 25.

Lakini namba ya kawaida si ahadi. Mtengenezaji anaahidi namba ya juu kabisa, na kama unajenga zaidi ya mita moja, hiyo ndiyo ya kupigia hesabu. Jedwali hili linatumia namba hizo za juu, ofseti na bayasi zikiwa zimeangukia upande mmoja, kwenye mita yangu yenye ukuzaji wa −47. Kosa limeandikwa kwa milivolti kwenye tokeo, kisha kwa ampea ambazo mita ingezizua.

| Chipu | Vos ya juu | Ib ya juu | 1 kΩ / 47 kΩ | 100 kΩ / 4.7 MΩ |
|---|---|---|---|---|
| 741C | 6 mV | 500 nA | 312 mV (4.4 A) | 2638 mV (37 A) |
| LM358 | 7 mV | 250 nA | 348 mV (4.9 A) | 1511 mV (21 A) |
| TL072C | 10 mV | 200 pA | 480 mV (6.8 A) | 481 mV (6.8 A) |
| OP07C | 0.15 mV | 7 nA | 7.5 mV (0.11 A) | 40 mV (0.57 A) |

Soma safu ya rizista ndogo kwanza. 741, LM358 na TL072 ziko kundi moja, na TL072 ndiyo ya mwisho ingawa mkondo wake wa bayasi ni mdogo kupita zote. Mtu aliyeambiwa "nunua ya JFET, haina makosa ya ingizo" angebadilisha 741 kwa TL072 hapa na kuongeza tatizo. Kosa lake lote ni ofseti, na JFET haziokoi ofseti.

Kisha soma safu ya rizista kubwa. TL072 haijatikisika hata kidogo, ila 741 imepoteza zaidi ya nusu ya kipimo chote cha volti 5. Na bado aliyeshinda ni OP07, yenye bayasi mara 35 ya TL072. Hili linastahili kutazamwa vizuri, kwa sababu ushauri unaosikika sana ni kwamba rizista kubwa maana yake JFET. Ukilinganisha TL072C na OP07C kwa namba za juu, zinakutana pale ambapo 10 mV ni sawa na 0.15 mV kuongeza 7 nA × R. Jibu ni kama 1.4 MΩ. Kwa namba za kawaida ni kama 1.6 MΩ. Mpaka usambamba wa R1 na Rf ufikie karibu mega-omu moja na nusu, OP07 ndiyo yenye sifuri bora. Amplifaya ya −1 yenye rizista mbili za 1 MΩ ina usambamba wa 500 kΩ, na hapo OP07C inakosea 7.3 mV wakati TL072C inakosea 20 mV.

Kwa mita yangu, suluhisho la kwanza halikuwa chipu kabisa. Shanti ya ampea 50 na milivolti 75 ina upinzani wa mili-omu 1.5. R1 ya 1 kΩ inachota mikroampea 75 pale ampea 50 zinapopita. Hofu yangu ya kunyonya shanti haikuwa na msingi. Pale chanzo kinapokuwa imara, shusha rizista kwanza, halafu ndipo uulize ni chipu ipi.

Rizista ya kusawazisha, na pale isipofaa

Vitabu vingi vinasema weka rizista kati ya ingizo la chanya na graundi, yenye thamani ya R1 sambamba na Rf. Wazo ni kwamba mkondo wa ingizo la chanya nao uzae volti ileile, na mbili zifutane. Kinachobaki ni tofauti ya mikondo miwili, Ios, ikizidishwa na Rf.

Kwa 741 na LM358 ushauri huu ni wa kweli. Kwenye 100 kΩ na 4.7 MΩ ungeweka 100 kΩ. 741 ya kawaida ina Ios ya 20 nA badala ya Ib ya 80 nA, kwa hiyo sehemu ya bayasi inashuka kutoka 376 mV hadi 94 mV. LM358, yenye Ios ya kawaida ya 5 nA, inashuka kutoka 212 mV hadi 24 mV.

Kwa OP07 rizista hiyo karibu haina kazi. Chipu hii ina mzunguko wa ndani unaoipa transista za ingizo mkondo wao, na unachokiona nje ni mabaki tu ya kufutana huko. Mabaki ya mguu mmoja hayana sababu ya kufanana na ya mwingine, yanaweza hata kuwa na alama tofauti. Ndiyo maana karatasi ya data ya OP07C inaahidi Ib ya 7 nA na Ios ya 6 nA, namba zilizokaribiana mno. Ukiweka rizista unashusha kosa la juu kabisa kutoka 33 mV hadi 28 mV na kuongeza kelele ya rizista yenyewe. Kwa TL072 usiiweke tu, kwani hakuna cha kusawazisha. Ukiona mchoro una rizista hii kwenye chipu ya JFET, yawezekana ulinakiliwa kutoka mchoro wa 741.

Kurekebisha kwa mkono na suala la joto

741 ina miguu ya kufutia ofseti, namba 1 na 5. Unaunga potenshiometa ya 10 kΩ kati yake, na mguu wa katikati unaenda kwenye umeme hasi, mguu namba 4. Unazungusha huku ingizo likiwa graundi mpaka tokeo lisome sifuri. OP07 nayo inayo, lakini ni miguu 1 na 8, potenshiometa ya 20 kΩ, na katikati inaenda umeme chanya, mguu namba 7. Ukiichomoa 741 na kuchomeka OP07 kwenye soketi ileile, ondoa potenshiometa ya zamani kwanza. LM358 na TL072 ni mbili ndani ya kasha la miguu 8, kwa hiyo hazina nafasi ya miguu hiyo: mguu namba 1 pale ni tokeo.

Marekebisho haya yanafuta jumla ya ofseti na bayasi kwa joto la saa ile tu. Boksi langu limefungwa ukutani chini ya mabati, alfajiri lina nyuzi 20 na mchana linafika 50. TL072 huhama kwa kawaida mikrovolti 18 kwa kila nyuzi. Nyuzi 30 zinaleta 540, na zikikuzwa mara 48 zinakuwa 26 mV, yaani ampea 0.37 ambazo asubuhi hazikuwepo. LM358, kwa mikrovolti 7, inahama 10 mV, sawa na ampea 0.14. OP07C, kwa mikrovolti 0.5, inahama chini ya 1 mV. Hatua moja ya kusoma ya Arduino ni kama 4.9 mV, kwa hiyo haioni kabisa.

Kwenye JFET kuna jambo la ziada: bayasi yake huongezeka mara mbili takriban kila nyuzi 10. Pikoampea 65 za nyuzi 25 zinakuwa kama 370 kwenye nyuzi 50. Hata kwa Rf ya 4.7 MΩ hiyo ni chini ya 2 mV, kwa hiyo kwenye mita hii haijalishi. Kwenye nyuzi 85 mara mbili hizo zimeshajirudia mara sita, na pikoampea 65 zimekuwa nanoampea 4, ambazo OP07 ingezishinda.

Ukiwa na umeme wa upande mmoja

Hapa OP07 inajitoa yenyewe. Inahitaji angalau ±3 V, na maingizo yake hayafanyi kazi yakiwa kwenye usawa wa umeme hasi. Kama una volti 12 za betri tu na graundi, kati ya hizi nne inabaki LM358, ambayo maingizo yake yanafika mpaka graundi.

Ila LM358 kwenye mpangilio huu inaficha kosa lake. Tokeo haliwezi kushuka chini ya graundi. Ofseti ikiangukia upande wa hasi, na bayasi yake ya PNP ikivuta upande huohuo, amplifaya inakaa kimya karibu na sifuri huku ukidhani yote ni shwari. Tuseme jumla ni −54 mV kama ile ya chipu yangu: mita itasoma sifuri mpaka mkondo wa kweli uvuke ampea 0.77. Taa ya LED ya wati 5 kwenye volti 12 inavuta kama ampea 0.4, na inaweza kuwaka usiku kucha bila mita kuiona. Ukitaka kujua kama uko kwenye hali hii, pitisha mikondo midogo inayojulikana, kwa mfano ampea 0.2, 0.5, 1 na 2, uandike tokeo. Mstari ukianza kupanda baada ya pengo, umeipata.

Dawa yake ni kuinua sifuri makusudi. Lipe ingizo la chanya 10 mV kutoka kwenye kigawanyo cha volti chenye rizista ndogo. Tokeo la mapumziko linapanda hadi 480 mV, na hata LM358 mbaya kabisa yenye kosa la 348 mV inabaki juu ya graundi. Kisha unasoma thamani hiyo mzigo ukiwa umechomolewa, unaihifadhi, na programu inaitoa kila inaposoma. Pamoja na mwinuko huo, ampea 50 zinaleta tokeo kwenye 4 V na zaidi kidogo, kwa hiyo lisha chipu volti 12, maana kwa volti 5 tokeo la LM358 linakwama karibu na 3.5 V.

Mita yangu nimeiacha na umeme wa ±12 V, OP07C, 1 kΩ na 47 kΩ, bila rizista ya kusawazisha na bila potenshiometa. Ingizo likiwa graundi, tokeo linasoma 2.1 mV, yaani ampea 0.03. Mita ya pili niliyomjengea jirani haina umeme hasi, kwa hiyo ina LM358 yenye sifuri iliyoinuliwa, na kila baada ya miezi michache namwomba azime mzigo wote mchana ili tusome sifuri yake upya. TL072 ninazo kadhaa kwenye kopo, nimeziweka kwa kihisi cha mwanga chenye Rf ya 10 MΩ na hakina R1 ya kweli, maana upinzani wa fotodayodi yenyewe gizani ni mkubwa mno. Hapo ukuzaji wa ofseti unabaki karibu na 1, kosa la TL072C haliwezi kuvuka 12 mV, na OP07C ingeweza kufika 70.